Mwongozo kamili: kutafuta eneo kati ya grafu ya polinomia na mhimili wa x kwa integresheni

Kosa linalojirudia zaidi katika maswali ya eneo chini ya grafu halitokani na kutojua integresheni. Mwanafunzi hupandisha vipeo ipasavyo, huweka mipaka mahali pake, hutoa thamani moja kwenye nyingine, kisha hupata namba ambayo si eneo. Mara nyingine namba hiyo ni hasi, na hapo huifuta alama ya hasi akidhani amerekebisha kila kitu. Alichoruka ni hatua mbili zinazotangulia integresheni, na moja inayoifuata. Mwongozo huu unafuata swali moja tangu mwanzo hadi mwisho, ukieleza kila hatua inafanywa kwa sababu gani na utajuaje kwamba imefanikiwa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa karatasi, penseli na kifutio. Karatasi yenye miraba inafaa zaidi, ingawa mchoro wa mkono kwenye karatasi ya kawaida unatosha. Kikokotoo si cha lazima, kwa sababu hesabu nyingi zilizo hapa ni za sehemu ndogondogo zenye asili ndogo kama 3 au 4, na ni salama zaidi kuziacha zikiwa sehemu kuliko kuzigeuza kuwa desimali katikati ya kazi.

Unapaswa kuwa unajua mambo matatu: kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, kufanya difarensiesheni ya polinomia, na kujumlisha au kutoa namba hasi bila kusitasita. Hili la tatu huonekana dogo, lakini ndilo linaloangusha wengi, na tutalirudia kwa makini katika hatua ya sita.

## Swali tutakalolifanya

Tafuta eneo lililozingirwa na grafu ya y = (x − 3)(x + 1), mhimili wa x, na mistari ya wima x = −2 na x = 2.

Swali hili limechaguliwa kwa sababu lina mitego yote ya kawaida: limeandikwa kwa mabano, mpaka wake wa chini ni namba hasi, na grafu inakata mhimili kati ya mipaka miwili.

## Hatua ya 1: Panua mabano na uipange polinomia

Zidisha mabano hadi upate vipengele vilivyotengana kwa alama za kujumlisha na kutoa:

y = (x − 3)(x + 1) = x² + x − 3x − 3 = x² − 2x − 3

Sababu ni kwamba integresheni hugawanyika juu ya kujumlisha na kutoa, lakini haigawanyiki juu ya kuzidisha. Unaweza kuchukua integrali ya x², kisha ya −2x, kisha ya −3, na kuziunganisha. Huwezi kuchukua integrali ya (x − 3), ukaizidisha kwa integrali ya (x + 1), na kutarajia jibu sahihi. Anayefanya hivyo hupata kitu chenye x kwa kipeo cha nne, na hiyo yenyewe ni dalili ya kosa, kwa kuwa integrali ya polinomia ya kipeo cha pili huishia kwenye kipeo cha tatu.

Hatua imefanikiwa ikiwa kila kipengele kina umbo la namba mara x kwa kipeo fulani, na ukiweka thamani yoyote ya x kwenye maandishi ya mwanzo na kwenye maandishi mapya unapata jibu moja. Kwa x = 0, mabano yanatoa (−3)(1) = −3, na umbo lililopanuliwa linatoa −3 pia.

Usiyafute mabano ya mwanzo, kwa sababu yatakuokolea muda katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali grafu inapokata mhimili wa x

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Ili kuona sababu yake, fikiria eneo linalokua kuanzia mpaka wa kushoto kuelekea kulia. Ukisogea kidogo kulia kwa upana h, unaongeza ukanda mwembamba ambao urefu wake ni karibu sawa na y na upana wake ni h, hivyo eneo lake ni takribani y × h. Kwa maneno mengine, kasi ya kukua kwa jumla hiyo katika kila mahali ni y yenyewe, na ndiyo maana tunatafuta jumla hiyo kwa kurudi kinyume cha difarensiesheni. Lakini grafu inaposhuka chini ya mhimili, y inakuwa hasi, na ukanda wa y × h unakuwa hasi vilevile. Integrali haijui kwamba wewe unataka eneo. Inajumlisha kanda zenye alama zake, hivyo kanda za chini zinapunguza zile za juu.

Kwa hiyo ni lazima ujue mapema ni wapi y inabadilika alama. Weka y = 0:

(x − 3)(x + 1) = 0, hivyo x = 3 au x = −1

Sasa linganisha kila thamani na mipaka ya swali, ambayo ni −2 na 2. Thamani x = −1 iko ndani, kwa hiyo itagawanya eneo. Thamani x = 3 iko nje ya mpaka wa kulia, kwa hiyo haihusiki kabisa. Wapo wanaoiingiza 3 kwa sababu tu imetokea kwenye utatuzi, kisha wakapata eneo ambalo swali halikuliomba.

Halafu tambua alama ya y katika kila upande kwa kujaribu namba moja tu. Kati ya −2 na −1 chukua x = −1.5: y = (−4.5)(−0.5) = 2.25, ambayo ni chanya. Kati ya −1 na 2 chukua x = 0: y = −3, ambayo ni hasi. Andika kandoni mwa karatasi: kipande cha kwanza kiko juu, kipande cha pili kiko chini. Maandishi haya mafupi yatakuwa shahidi wako baadaye.

Hali nne zinaweza kukukuta katika swali lingine, na kila moja ina namna yake ya kushughulikiwa.

Kwanza, polinomia inaweza kukosa mabano yanayotoka kwa namba kamili. Hapo tumia kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, na uache kipeuo kama kilivyo hadi mwisho, kwa sababu ukikikadiria mapema kosa dogo litazidishwa unapopandisha vipeo.

Pili, b² − 4ac inaweza kuwa hasi. Maana yake grafu haigusi mhimili popote, hakuna cha kugawanya, na integrali moja kutoka mpaka hadi mpaka inatosha.

Tatu, grafu inaweza kugusa mhimili bila kuuvuka, kama ilivyo kwa y = (x − 1)². Hapo y haibadiliki alama, hivyo kugawanya si lazima, ingawa ukigawanya hutaharibu jibu.

Nne, na hii ni hatari iliyojificha, polinomia kama 2x² − 4x − 6 hugawanywa kwa 2 ili mlinganyo wake utatuliwe kwa urahisi. Kugawanya ni halali unapotafuta mahali y ilipo sifuri, kwa kuwa sifuri ikigawanywa kwa 2 hubaki sifuri. Si halali kuendelea na umbo hilo dogo kwenye integresheni, maana kila urefu umepunguzwa nusu na eneo litatoka nusu ya linalotakiwa. Ukimaliza kutafuta sifuri, rudi kwenye polinomia kamili.

## Hatua ya 3: Chora mchoro mdogo

Kokotoa y kwa namba kamili zilizo kati ya mipaka, pamoja na mipaka yenyewe. Kwa swali letu tunapata y = 5 pale x = −2, y = 0 pale x = −1, y = −3 pale x = 0, y = −4 pale x = 1, na y = −3 pale x = 2. Weka nukta hizo tano, ziunganishe kwa mstari laini uliopinda, chora mistari ya wima kwenye −2 na 2, kisha tia kivuli sehemu iliyo kati ya grafu na mhimili.

Mchoro hauhitaji kupendeza. Unachotaka kuona ni vipande viwili vyenye kivuli: kimoja chembamba kilicho juu ya mhimili upande wa kushoto, na kingine kikubwa kilicho chini upande wa kulia. Kama kivuli chako kinatoka kwenye grafu na kushuka hadi chini ya karatasi, umeelewa vibaya maneno ya swali. Katika maswali haya, eneo chini ya grafu humaanisha eneo kati ya grafu na mhimili wa x, hata pale grafu inapokuwa chini ya mhimili huo.

## Hatua ya 4: Tafuta integrali, kipengele kwa kipengele

Kanuni ya kila kipengele ni moja: ongeza 1 kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo kipya. Inafanya kazi kwa sababu difarensiesheni hufanya kinyume chake, yaani hushusha kipeo mbele kama namba ya kuzidisha, kisha hukipunguza kwa 1. Difarensiesheni ya x³ ni 3x², kwa hiyo ili kupata x² peke yake ni lazima uanze na x³/3.

Kipengele x² kinakuwa x³/3.

Kipengele −2x kina x kwa kipeo cha kwanza, hivyo kinakuwa −2x²/2, yaani −x².

Kipengele −3 kinakuwa −3x. Kukiacha kama −3, au kukifuta kabisa, ni kuchanganya integresheni na difarensiesheni. Namba iliyo peke yake ina x kwa kipeo cha 0, na 0 ikiongezwa 1 inakuwa 1.

Tukiviunganisha:

F(x) = x³/3 − x² − 3x

Namba isiyobadilika ambayo huandikwa C haihitajiki hapa. Tutachukua thamani ya F kwenye mpaka mmoja na kutoa thamani yake kwenye mpaka mwingine, hivyo C ingeonekana mara mbili na kujifuta yenyewe.

Ipo tabia ya kuzidisha F(x) yote kwa 3 ili kuondoa sehemu, na kuendelea na x³ − 3x² − 9x. Mlinganyo unaweza kuzidishwa pande zote mbili, lakini F(x) si mlinganyo unaotafutiwa x. Ni kipimo cha jumla, na ukikizidisha kwa 3, eneo linakuwa mara tatu. Acha sehemu zibaki.

## Hatua ya 5: Hakiki F(x) kabla ya kuweka namba

Fanya difarensiesheni ya F(x): x³/3 inatoa x², −x² inatoa −2x, na −3x inatoa −3. Matokeo ni x² − 2x − 3, ambayo ndiyo polinomia yetu. Kama hayalingani, kosa liko katika hatua ya nne, na hakuna sababu ya kuendelea mbele nalo.

## Hatua ya 6: Kokotoa F kwenye kila namba inayohitajika

Tunahitaji thamani tatu: kwenye mpaka wa chini −2, kwenye mahali pa kukata −1, na kwenye mpaka wa juu 2. Zikokotoe moja moja, kila moja kwenye mstari wake, kabla ya kuanza kutoa. Anayeandika kila kitu kwenye mstari mmoja mrefu hupoteza alama katikati, na akishaipoteza haoni tena imepotelea wapi.

Andika kila thamani ya x ndani ya mabano, hata pale unapoona mabano hayana kazi.

F(−2) = (−2)³/3 − (−2)² − 3(−2) = −8/3 − 4 + 6 = −8/3 + 2 = −2/3

F(−1) = (−1)³/3 − (−1)² − 3(−1) = −1/3 − 1 + 3 = −1/3 + 2 = 5/3

F(2) = (2)³/3 − (2)² − 3(2) = 8/3 − 4 − 6 = 8/3 − 10 = −22/3

Tazama kwa makini kipengele cha kati katika F(−2). Namba −2 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 4, ambayo ni chanya, kisha alama ya kutoa iliyokuwapo mbele yake inaifanya −4. Wengi huona hasi mbili, moja ya −x² na nyingine ya −2, na kuziunganisha ziwe chanya. Hawakumbuki kwamba −2 imekwisha kutumia hasi yake ilipozidishwa kwa yenyewe. Kipengele cha mwisho ni tofauti: −3(−2) kina hasi mbili zinazokutana kweli, hivyo kinakuwa +6.

Ukitumia kikokotoo, fahamu kwamba vikokotoo vingi vya kisayansi vikiandikiwa −2² hutoa −4, kwa sababu hupandisha kipeo kwanza na kuweka hasi baadaye. Andika (−2)² pamoja na mabano yake.

Thamani hizi tatu za F si maeneo, kwa hiyo usishtuke kwamba mbili kati yake ni hasi. Eneo linaanza kuonekana pale tu tunapozitoa.

## Hatua ya 7: Toa, soma alama, kisha jumlisha

Kwa kila kipande, chukua F ya mpaka wa kulia na utoe F ya mpaka wa kushoto.

Kipande cha kwanza, kutoka −2 hadi −1:

F(−1) − F(−2) = 5/3 − (−2/3) = 5/3 + 2/3 = 7/3

Kipande cha pili, kutoka −1 hadi 2:

F(2) − F(−1) = −22/3 − 5/3 = −27/3 = −9

Kabla ya kufanya jambo lingine lolote, linganisha alama hizi na maandishi uliyoweka kandoni katika hatua ya pili. Kipande cha kwanza kilitakiwa kuwa juu, na jibu lake ni chanya. Kipande cha pili kilitakiwa kuwa chini, na jibu lake ni hasi. Zinakubaliana. Laiti tungekosea alama ya −x² na kupata F(−2) = 22/3, kipande cha kwanza kingetoka 5/3 − 22/3 = −17/3, hasi mahali ambapo grafu iko juu ya mhimili, na kosa lingejitangaza lenyewe hapohapo.

Sasa ondoa hasi ya kipande cha pili, kwa kuwa eneo la kipande hicho ni 9, kisha jumlisha:

Eneo = 7/3 + 9 = 7/3 + 27/3 = 34/3

Hiyo ni sawa na 11 na 1/3. Kama mihimili ina vipimo, kwa mfano sentimita kwenye yote miwili, jibu liandikwe kwa sentimita za mraba. Kama haina, andika vipimo vya mraba.

Hebu tuone sasa kinachompata aliyeruka hatua ya pili. Yeye atafanya F(2) − F(−2) = −22/3 + 2/3 = −20/3. Akiondoa hasi atapata 20/3, yaani 6 na 2/3, na atadhani kazi imekwisha. Lakini kipande cha chini peke yake kina eneo la 9, kwa hiyo eneo lote haliwezi kuwa chini ya hapo. Alichopata ni 7/3 − 9, yaani eneo la juu likiwa limetolewa eneo la chini, na kufuta hasi mwishoni hakuwezi kukirudisha kile kilichokwisha kutolewa ndani. Hasi huondolewa kwenye kila kipande kabla ya kujumlisha, wala si kwenye jumla.

Namba −20/3 hata hivyo si upuuzi. Swali likisema "kokotoa thamani ya integrali kutoka −2 hadi 2 ya x² − 2x − 3", jibu sahihi ni −20/3, na anayejibu 34/3 atakuwa amekosa. Soma neno lililotumika: likiwa eneo, gawanya kwa vipande, likiwa thamani ya integrali, weka mipaka moja kwa moja na uiache alama jinsi ilivyo.

## Hatua ya 8: Hakiki jibu kwa njia isiyotumia F(x)

Ulinganisho wa alama hauwezi kunasa kila kosa. Mtu akisahau mabano na kuandika 5/3 − 2/3, atapata 1 kwa kipande cha kwanza, namba chanya inayoonekana haina tatizo. Ili kumnasa huyu tunahitaji makadirio yanayotokana na mchoro.

Kipande cha kwanza kina upana wa 1, na urefu wake unashuka kutoka 5 hadi 0. Ukiunganisha ncha hizo kwa mstari ulionyooka unapata pembetatu yenye eneo la 5 × 1 / 2 = 2.5. Grafu yenyewe inapinda chini ya mstari huo, kwa hiyo eneo halisi ni dogo kidogo kuliko 2.5. Jibu letu 7/3 ni karibu 2.33, na linakubalika. Jibu la 1 halikubaliki.

Kipande cha pili kikatwe kwenye x = 0 na x = 1. Urefu wa kushuka chini ya mhimili ni 0, 3, 4 na 3, kwa hiyo unapata pembetatu moja ya 1.5 na trapeza mbili za 3.5 kila moja, jumla 8.5. Safari hii grafu inatuna kwenda chini zaidi ya mistari iliyonyooka, hivyo eneo halisi ni kubwa kidogo kuliko 8.5. Jibu letu ni 9.

Kama unataka uhakika kamili badala ya makadirio, tumia kanuni ya Simpson. Chukua y kwenye mwanzo wa kipande, y kwenye katikati yake, na y kwenye mwisho wake, kisha:

upana / 6 × (y ya mwanzo + 4 × y ya katikati + y ya mwisho)

Kanuni hii kwa kawaida hutoa makadirio, lakini kwa polinomia ambayo kipeo chake kikubwa hakizidi 3 hutoa jibu kamili, si la kukaribia. Kwa kipande cha kwanza, katikati ni −1.5 na y yake ni 2.25, hivyo tunapata 1/6 × (5 + 9 + 0) = 14/6 = 7/3. Kwa kipande cha pili, katikati ni 0.5 na y yake ni −3.75, hivyo tunapata 3/6 × (0 − 15 − 3) = −9. Yote mawili yamelingana na hatua ya saba bila F(x) kuguswa. Ukikutana na x⁴, kanuni hii itakupa namba ya karibu tu, na hapo tofauti ndogo isikufanye ulifute jibu lililo sahihi.

Kuna jambo moja ambalo uhakiki huu hautalinasa. Ukiitumia kanuni ya Simpson kutoka −2 hadi 2 kwa mkupuo, utapata 4/6 × (5 − 12 − 3) = −20/3, yaani kosa lilelile la aliyeruka hatua ya pili, likiwa sasa limethibitishwa kwa njia mbili. Hakiki kila kipande peke yake.

## Swali la kujipima

Tafuta eneo kati ya grafu ya y = x³ − 4x na mhimili wa x, kutoka x = −1 hadi x = 2. Fanya kazi yote kwenye karatasi kabla ya kusoma aya zinazofuata.

Ukitoa x nje ya mabano unapata x(x − 2)(x + 2), hivyo y ni sifuri pale x = −2, 0 na 2. Thamani −2 iko nje ya mipaka, 2 ni mpaka wenyewe, na 0 peke yake ndiyo inayogawanya. Integrali ni F(x) = x⁴/4 − 2x², na thamani zake ni F(−1) = −7/4, F(0) = 0 na F(2) = −4. Kipande cha kwanza ni 7/4, cha pili ni −4, na eneo ni 7/4 + 4 = 23/4.

Kama jibu lako ni tofauti, namba uliyopata inaweza kukuonyesha pa kurudi. Ukipata −9/4, umeweka mipaka ya nje tu bila kugawanya kwenye 0. Ukipata 9/4, umefanya hivyohivyo kisha ukafuta hasi mwishoni. Ukipata 25/4, umeandika (−1)⁴ kuwa −1, kwa hiyo rudi kwenye mabano ya hatua ya sita. Ukipata 23 kamili, ulizidisha F(x) yote kwa 4 ili kukwepa sehemu. Na kama kipande chako cha kwanza kimetoka hasi, ilhali y kwenye x = −0.5 ni chanya, basi umeigeuza alama ya −2x² ulipoweka −1.